Voisi za pipani na video bubu: kagua ruhusa na tundu la maiki kabla hujafungua simu

Mama mmoja anayepika chapati jirani na kibanda changu Buguruni aliniletea simu yake ya Android. "Fundi, nikituma voisi wateja wanasema naongea kama niko ndani ya pipa."

"Ukipiga simu unasikika, mama?"

"Nikiweka spika kubwa nasikika vizuri. Nikiweka sikioni, wananiambia paza sauti."

Jibu hilo lilimaliza nusu ya kazi. Simu nyingi za sasa zina maiki mbili au zaidi: ya chini, pembeni ya tundu la chaji, na ya juu, kwenye ukingo au karibu na kamera. Voisi kwa kawaida hutegemea ile ya chini. Video na spika kubwa mara nyingi hutumia ya juu, au zote pamoja. Kwa hiyo maiki moja ikiziba, simu huharibika nusu nusu.

Hatua ya 1: Jirekodi ukikwaruza. Vua kava kwanza, na uzime Bluetooth. Usiidharau hii ya Bluetooth. Nimeshapokea simu "mbovu" ambayo ilikuwa inarekodi kupitia visikizio vilivyosahaulika mfukoni. Sasa fungua kinasa sauti cha simu yenyewe, siyo WhatsApp. Hesabu moja hadi kumi huku ukipitisha ukucha taratibu juu ya tundu la chini, kisha rudia kwenye tundu la juu. Sikiliza. Maiki nzima hutoa mkwaruzo mkali unaokera. Iliyoziba hutoa mkwaruzo wa mbali. Halafu rekodi video fupi kwa kamera ya nyuma, na nyingine kwa ya mbele.

Hapo utofautishe mambo mawili. Ruhusa haina nusu: programu ama inapewa sauti, ama inapata kimya kitupu. Sauti iliyofifia si suala la ruhusa, ni kitu kimekaa mbele ya maiki, kwa hiyo nenda moja kwa moja hatua ya 3.

Hatua ya 2: Kimya kabisa? Angalia ruhusa. Kama kinasa sauti kinafanya kazi ila programu moja ndiyo bubu, ingia "Settings", "Apps", chagua programu hiyo, "Permissions", kisha "Microphone", uweke "Allow only while using the app". Kwenye iPhone ni "Settings", "Privacy & Security", "Microphone". Kama programu zote ni bubu na simu ni Android 12 au zaidi, vuta pazia la juu utafute kitufe cha "Mic access". Kikizimwa, programu zote zinanyimwa sauti kwa mpigo, na watoto hupenda kukibonyeza. Ukiwa unarekodi sauti, alama ya kijani huonekana juu ya kioo cha Android, ya chungwa kwa iPhone. Ikionekana na bado ni kimya, programu imeshapewa maiki. Tafuta ubovu kwingine.

Hatua ya 3: Safisha tundu. Zima simu. Mulika kwa tochi. Kwenye simu ya yule mama tundu lilikuwa limejaa unga ulioshikana na mafuta, umekauka kama gundi. Chukua mswaki laini, mkavu, geuza simu tundu litazame chini ili uchafu udondoke, upige mswaki kidogo kidogo. Ukigoma, kandamiza kipande cha selotepu juu ya tundu na ukivute, mara kadhaa. Usipulize kwa mdomo, unaingiza unyevu na kusukuma uchafu ndani.

Na sindano weka mbali. Nyuma ya tundu kuna wavu mwembamba au mpira, kisha maiki yenyewe, ndogo kuliko punje ya mchele. Ukiichoma, umeiua. Wengine huchomeka hata pini ya kutolea laini kwenye tundu la maiki, wakidhani ndiko trei inakotokea. Kabla ya kuchomeka, hakikisha tundu liko kwenye mfuniko wa trei.

Ukimaliza, rudia jaribio la ukucha. Kwa yule mama mkwaruzo wa chini ulirudi mkali kama wa juu, tukatuma voisi moja kwa mteja wake, akajibu kwa kuagiza chapati kumi.

Hatua ya 4: Kama bado. Kwenye Android nyingi maiki ya chini imebandikwa kwenye bodi ndogo ya chaji. Ikiwa sauti ilianza kufifia baada ya kubadilishiwa tundu la chaji, muulize fundi aliyefunga kama alirudisha kile kimpira cha maiki. Kikiachwa au kikikaa upande, tundu la nje linaonekana safi kabisa na sauti bado haipiti.