Gharama na faida za kukata mikoko: hesabu ya hekta moja

Wanafunzi wangu wa sayansi ya mazingira hukwama mahali pale pale: wanakokotoa faida ya mwekezaji, kisha wanaiita faida ya jamii. Tuchukue delta ya Rufiji, ambako katika miaka ya 1990 palizuka mvutano mkubwa juu ya mpango wa kuchimba mabwawa ya kambamiti. Tarakimu zilizo hapa ni zangu za kufundishia.

Hatua ya 1: Hesabu ya mwenye bwawa. Hekta moja inampa shilingi 3,000,000 kwa mwaka baada ya kutoa gharama zake zote isipokuwa kodi. Kodi usiitoe: inatoka mfukoni mwake na kuingia serikalini, kwa hiyo jamii haijapoteza kitu. Bwawa linadumu miaka 5, kisha magonjwa na udongo uliogeuka tindikali vinamfukuza.

Hatua ya 2: Tafuta anayelipa bila kuulizwa. Hizi ndizo gharama za nje. Kambamiti wachanga hukulia kwenye mikoko kabla ya kwenda baharini, kwa hiyo ukiikata, mvuvi aliye mbali na bwawa anavua kidogo. Muulize alikuwa akipata kilo ngapi, na sasa ngapi. Zidisha tofauti kwa bei ya pwani, kisha utoe mafuta na barafu ambavyo hakuvitumia. Wengi husahau kutoa, na hasara inavimba. Tuseme samaki, nguzo, asali na kinga dhidi ya mawimbi vinafika 1,400,000 kwa mwaka, kwa miaka 20. Maji machafu ya bwawa yanaongeza 500,000 kwa miaka 5.

Hatua ya 3: Leta vyote kwenye thamani ya leo. Shilingi ya mwaka wa 20 haina uzito wa shilingi ya leo. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10, andika kwenye Excel:

```
=PV(10%,5,-3000000)
=PV(10%,20,-1400000)
=PV(10%,5,-500000)
```

Utapata takriban milioni 11.37, 11.92 na 1.90. Mwenye bwawa anaona faida ya milioni 11.37 kabla ya kodi. Jamii nzima, yeye akiwemo, inapoteza milioni 2.44.

Hatua ya 4: Badilisha kiwango. Hapa ndipo ninapokaa na darasa muda mrefu kuliko popote. Weka asilimia 20 badala ya 10. Mradi ule ule sasa unaipa jamii faida ya kama 660,000, ingawa hakuna hata samaki mmoja aliyerudi! Faida ya bwawa iko miaka ya mwanzo, hasara ya mvuvi imetandazwa miaka 20, na kiwango kikubwa kinaifuta ile ya mbali. Kwa hiyo ripoti inayotaja kiwango kimoja tu irudishe kwa mwandishi, umwombe na cha pili. Halafu mwambie aandike kando nani anapata na nani anapoteza, kwa sababu hata jumla ikiwa chanya, mvuvi wa Rufiji hajalipwa.