Kuhamisha butilithiamu kwa bomba la sindano chini ya agoni

Somo hili ni la wanafunzi wa uzamili wa kemia huku kwetu, kuanzia Maseno na Kakamega hadi Njoro, wanaoshika butilithiamu kwa mara ya kwanza. Tutafanya kazi moja tu: kutoa mililita 5 za myeyusho wa 1.6 M katika heksani, yaani milimoli 8, kutoka chupa yake hadi chupa ya mmenyuko. Kimiminika hiki kinaweza kuwaka chenyewe kikigusa hewa, na hata kisipowaka, unyevu hukiharibu.

Kanuni ni kwamba shinikizo la ndani lizidi la nje kidogo, muda wote. Babla ya mafuta mwishoni mwa laini ya agoni ndiyo itakayokuonyesha. Mapovu yakitoka polepole, kila kitu ni shwari. Mafuta yakianza kupanda kurudi kwenye mrija, hewa inafuata nyuma yake.

Gesi. Agoni tunainunua kwa wauzaji wanaowahudumia mafundi wa kuchomelea, kwa hiyo soma lebo ya mtungi. Mingi ya kuchomelea chuma ina agoni iliyochanganywa na CO2, na butilithiamu huidaka CO2 ikawa chumvi ya asidi. Hutaona moto wowote. Utashangaa tu mwishoni kwamba zao lako ni haba. Chukua agoni tupu.

Vyombo. Hewa ya Kisumu ina unyevu mwingi, na kioo hubeba utando wa maji usioonekana ambao gesi peke yake haiuondoi. Acha vyombo na sindano kwenye oveni ya nyuzi 120 usiku kucha. Viunge vikiwa moto, funika kwa kizibo cha mpira, vuta hewa kwa pampu, kisha jaza agoni. Rudia mara tatu. Kisumu shinikizo la hewa ni takriban milibari 880. Pampu ikishusha hadi 10, kila mzunguko huacha sehemu moja kati ya 88, na mitatu huacha chini ya sehemu moja kati ya laki sita. Chombo kinapopoa gesi husinyaa, kwa hiyo ongeza mkondo kidogo, usije ukavuta mafuta ya babla.

Kuhamisha. Fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, bila chupa nyingine za viyeyusho karibu. Vaa koti la pamba, si la nailoni inayoyeyukia ngozini, na mwenzako awepo. Kizima moto cha poda kavu kiwe mkononi. Maji na CO2 havifai hapa.

Bana chupa kwenye stendi. Tumia bomba la kioo la mililita 10 lenye kufuli la sindano, ili mililita 5 zisilijaze. Vuta agoni kutoka kwenye laini, itoe nje, mara tatu. Ingiza kwanza sindano ya agoni kwenye kizibo cha chupa, halafu sindano ndefu ya bomba.

Sasa tulia. Usivute pistoni kwa nguvu: acha gesi isukume kimiminika kipande juu, wewe kazi yako ni kuizuia pistoni isikimbie. Ukivuta kwa haraka, povu hujaa ndani na hewa hupenyeza pembeni mwa pistoni. Chukua kidogo zaidi ya 5. Inua ncha ya sindano juu ya kimiminika, pindua bomba taratibu ili mapovu yapande kwenye sindano, rudisha ziada, kisha vuta mililita moja ya agoni iliyo juu ya kimiminika chupani. Sindano ikichomoka sasa, iliyo nchani ni gesi, si kitendanishi. Wengi huiruka hatua hii, na ndipo matone huwaka njiani.

Ingiza sindano kwenye chupa ya mmenyuko na udondoshe polepole. Ukimaliza, suuza bomba papo hapo kwa heksani kavu, na suuzo hilo ulimwagie isopropanoli baridi iliyochanganywa na heksani, chini ya agoni. Ukichelewa, hidroksidi nyeupe huziba sindano na pistoni hukwama.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kakamega: Mwalimu, hatuna pampu ya vakyumu. Ile ya bomba la maji haitoshi?*

Haifai. Kwa nyuzi 25 haiwezi kushuka chini ya takriban milibari 32, na hizo ni mvuke wa maji. Afadhali pitisha agoni: sindano ndefu ifike chini, fupi itoe hewa juu, kwa kuwa agoni ni nzito kuliko hewa. Pitisha angalau ujazo kumi wa chombo.

*Mwanachama, Njoro: Mabomba ya plastiki ya duka la dawa je?*

Heksani huvimbisha mpira wa pistoni, nayo huenda kwa mishtuko. Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pistoni ya bomba la plastiki la mililita 60 ilichomoka wakati wa kuhamisha butilithiamu ya tert, iliyo kali zaidi. Mtafiti aliyekuwa akiihamisha alifariki Januari 2009. Kwa ujazo mkubwa tumia mrija wa chuma wenye ncha mbili, si bomba.

*Mwanachama, Kisumu: Chupa yetu ina mashapo meupe chini. Tuitupe?*

La. Hayo ni hidroksidi, ishara kwamba unyevu umeingia na ukali umeshuka. Acha yatulie, chukua kimiminika cha juu, kisha pima kwa asidi ya difenilasetiki kavu katika THF hadi njano ibaki. Ukipata 1.3 M badala ya 1.6, milimoli 8 zitahitaji mililita 6.2.