Kupima kama mapato ya hisa yanafuata mgawanyo wa kawaida: kipimo cha Jarque na Bera

Vijana ninaowafundisha hesabu za uwekezaji hapa Chake Chake hununua hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia dalali, na karibu wote hukadiria hatari kwa kanuni zinazochukulia kwamba mapato ya kila siku yanafuata mgawanyo wa kawaida, yaani ile kengele yenye pande mbili zilizo sawa. Dhana hiyo inaweza kupimwa kwa Excel pekee.

Hatua ya kwanza ni kugeuza bei za kufungia kuwa mapato. Ikiwa bei zimo katika B2 hadi B252, andika fomula hii katika C3 na uiburute hadi C252, nawe utapata mapato ya siku 250.

```
=LN(B3/B2)
```

Hatua ya pili ni kutafuta namba mbili. Mwegamo, S, ni wastani wa mkengeuko uliopandishwa kipeo cha tatu, ukigawanywa kwa mkengeuko sanifu uliopandishwa kipeo hicho hicho, na kwa kengele huwa 0. Kurtosisi, K, hutumia kipeo cha nne, na kwa kengele huwa 3. Ikizidi hapo, mikia ni mizito, maana yake siku za kupanda au kushuka kwa kishindo ni nyingi kuliko kengele inavyotarajia.

Tufanye kwa mkono mfano mdogo wa kubuni. Katika siku 10, hisa imepanda asilimia 2 siku moja, imeshuka asilimia 2 siku nyingine, na siku 8 zilizobaki haikuuzwa, kwa hiyo bei ya jana imerudiwa na mapato yakawa sifuri. Wastani ni 0 na S ni 0. Wastani wa vipeo vya pili ni 8/10, yaani 0.8, wa vipeo vya nne ni 32/10, yaani 3.2. Basi K = 3.2/0.64 = 5.

Hatua ya tatu ni kuziunganisha namba hizo kwa kipimo cha Carlos Jarque na Anil Bera, waliokichapisha mwaka 1980, ambapo n ni idadi ya mapato yanayopimwa:

```
JB = (n/6) * (S^2 + (K-3)^2/4)
```

Kwa siku zetu 10, JB = 10/6 × 1 = 1.67. Mapato yakiwa ya kawaida kweli na sampuli ikiwa kubwa, JB hufuata mgawanyo wa kai-skwea wenye digrii 2 za uhuru, na kikomo cha asilimia 5 ni 5.99. JB yetu haikifikii kikomo hicho, kwa hiyo hatuikatai dhana, ingawa siku 8 kati ya 10 ni sifuri tupu! Rudia mtindo huo huo mara 25 ufikie siku 250: S na K hazibadiliki, lakini JB inaruka hadi 41.67 na dhana inakataliwa bila shaka. Kwa sampuli ndogo, kunyamaza kwa kipimo hakuthibitishi chochote, tena kikomo chenyewe hakiaminiki sana hapo.

Tahadhari kubwa iko kwenye fomula ya `KURT`. Excel tayari imeondoa 3, na pia hurekebisha kwa ajili ya udogo wa sampuli. Kwa siku zetu 10 inatoa 4.5 badala ya 2. Katika siku 250 marekebisho hayo ni madogo, lakini atakayeondoa 3 mara ya pili atapata JB ya karibu 94 hata kwa data ya kengele safi. Ukiona namba ya jirani na hiyo, kagua fomula kwanza.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kuuliza kurtosisi imetoka wapi. Hata kama mapato ya siku za biashara yangekuwa ya kawaida kabisa, yenye wastani wa sifuri, nusu ya siku zikikosa mauzo K ya siku zote ingekuwa 6. Hapo kipimo kinakataa kwa sababu ya uhaba wa biashara, wala si kwa misukosuko ya bei. Kwa hiyo hesabu siku za sifuri, kisha kokotoa upya kwa mapato ya wiki. Ikiwa siku hazitegemeani, ziada ya K juu ya 3 hugawanyika kwa 5: katika mfano wetu, 5 inakuwa 3.4, na kwa wiki 50 JB ni 0.33 tu.

Sehemu ya kushuka huko inatokana na n kupungua kutoka 250 hadi 50, kwa hiyo itazame K yenyewe kabla ya JB. Ikiwa K ya wiki bado iko karibu na ile ya siku, basi siku za misukosuko zinafuatana kwa makundi, na mikia hiyo mizito haikuletwa na sifuri.