Somo: Riba au ufaulu ukipanda, umepanda kwa pointi ngapi na kwa asilimia ngapi?

Mwaka 2012, waliofaulu mtihani wa kumaliza darasa la saba Tanzania walikuwa asilimia 30.72 ya watahiniwa. Mwaka 2013 wakawa asilimia 50.61. Matokeo yalipotoka ilitangazwa kwamba ufaulu umeongezeka kwa asilimia 19.89. Tutautumia mfano huu kwa sababu tarakimu zake zinajulikana, na kwa sababu mtu anayeisoma sentensi ile kama ilivyo anaweza kupata jibu lisilo sahihi kabisa.

Hatua ya kwanza: andika viwango vyote viwili, cha zamani na kipya. Hapa ni 30.72 na 50.61. Ukikosa kimoja, usiendelee kukokotoa. Kitafute kwanza.

Hatua ya pili: toa cha zamani kutoka kwenye kipya. 50.61 − 30.72 = 19.89. Jibu hili ni pointi za asilimia. Linakuambia kwamba katika kila watahiniwa 100 wamepatikana karibu 20 zaidi waliofaulu. Hesabu inaishia hapo, haijalinganishwa na kitu chochote.

Hatua ya tatu: gawanya tofauti hiyo kwa kiwango cha zamani, kisha zidisha kwa 100. 19.89 ÷ 30.72 × 100 = 64.7. Hili ndilo badiliko la asilimia. Linakuambia kwamba kiwango cha ufaulu kimekua kwa karibu theluthi mbili ya kilivyokuwa.

```
pointi = mpya - zamani
badiliko la asilimia = (mpya - zamani) / zamani x 100
```

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka, nayo ni kuhakiki. Chukua kiwango cha zamani, ukiongeze kwa asilimia uliyoambiwa, uone kama unafika kwenye kipya. Asilimia 19.89 ya 30.72 ni kama 6.11. Ukijumlisha unapata 36.83, wala si 50.61. Basi ile 19.89 ilikuwa pointi, na ilipaswa kuandikwa hivyo.

Sasa geuza mfano huo upande wa pili. Wasiofaulu walikuwa asilimia 69.28, wakashuka hadi 49.39. Pointi ni zilezile 19.89. Lakini 19.89 ÷ 69.28 inatoa punguzo la asilimia 28.7 tu. Mitihani ni ileile na watoto ni walewale, ila mmoja anaweza kuandika "ufaulu wakua kwa asilimia 64.7" na mwingine "kufeli kwapungua kwa asilimia 28.7", na wote wawili wakawa sahihi. Pointi hazibadiliki ukigeuza upande, asilimia inabadilika. Kwa hiyo mimi, nikiripoti ufaulu, hutanguliza pointi na kuweka viwango vyote viwili pembeni. Nawaomba walimu wenzangu mfanye hivyo kwenye taarifa za shule, maana mzazi hana namna nyingine ya kujua ni hesabu ipi mmetumia.

Kwenye riba hesabu ni hiyohiyo. Aprili 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6. Hiyo ni nusu pointi, au ongezeko la asilimia 9.09 ya riba ya awali. Anayesema "imepanda kwa asilimia 0.5" bila kutaja pointi, kwa hesabu kamili anakupeleka kwenye 5.5275.

Tahadhari kwa wanaotumia Excel: kama kiwango cha zamani kiko A2, kipya kiko B2, na seli zako zimewekwa alama ya %, fomula `=B2-A2` itaonyesha 19.89% na fomula `=(B2-A2)/A2` itaonyesha 64.75%. Zote zinatoka na alama ileile, kwa hiyo kichwa cha safu lazima ukiandike mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mkopo wangu ni wa riba inayobadilika. Ilikuwa asilimia 15 kwa mwaka, sasa ni 18. Afisa mikopo ananiambia ni "tatu tu", jirani yangu anasema nimepandishiwa asilimia 20. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba. Wote wamesema kweli. Ni pointi 3, na 3 ÷ 15 ni asilimia 20. Lakini wewe unachotaka kujua ni rejesho, nalo halipandi kwa kiasi chochote kati ya hivyo viwili. Tuseme mkopo ni Sh 10,000,000 wa miezi 36, riba inatozwa kwenye salio linalopungua, na rejesho ni sawa kila mwezi. Kwa riba ya 15 rejesho ni kama Sh 346,650, kwa 18 ni kama Sh 361,520. Tofauti ni karibu Sh 14,870, yaani asilimia 4.3. Inakuwa ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya rejesho ni kurudisha mtaji wenyewe, na mtaji haujapanda. Tazama riba peke yake kwa miaka yote mitatu: kutoka kama Sh 2,480,000 inakwenda kama Sh 3,015,000, ongezeko la asilimia 21.6. Hesabu hizi zinachukulia kila riba imetumika tangu mwezi wa kwanza. Kama wewe umeshalipa nusu ya mkopo, ongezeko litakuwa dogo zaidi, kwa hiyo omba ratiba mpya ya marejesho uione kwa shilingi.

Swali: Kwenye ule mfano wa darasa la saba, naweza kuandika kwamba idadi ya wanafunzi waliofaulu iliongezeka kwa asilimia 64.7?

Jibu: Hapana, dada. Hiyo 64.7 ni ya kiwango, si ya vichwa. Waliofaulu walikuwa 265,873 mwaka 2012 na 427,606 mwaka 2013, yaani ongezeko la asilimia 60.8. Imekuwa pungufu kwa sababu watahiniwa wenyewe walipungua, kutoka 865,534 hadi 844,938. Asilimia za idadi na za kiwango zinalingana tu pale watahiniwa wanapokuwa wengi sawa miaka yote miwili.

Swali: Niko Nairobi. Desemba 2023 tulisikia Benki Kuu ya Kenya imepandisha riba kwa "pointi za msingi 200". Hizo ni zipi tena?

Jibu: Pointi moja ya asilimia ina pointi za msingi 100. Kwa hiyo 200 ni pointi 2, na ndivyo ilivyokuwa: kutoka 10.5 hadi 12.5. Watu wa benki huzipenda kwa sababu haziwezi kuchanganywa na badiliko la asilimia, ambalo hapo ni 19.05.

Swali: Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha kutoka 5.5 hadi 6, kisha Julai 2025 ikashusha hadi 5.75. Nikichukua 9.09 nikatoa punguzo la asilimia 4.17 napata 4.92. Mbona nikikokotoa moja kwa moja napata 4.55?

Jibu: 4.55 ndiyo sahihi. Ile 9.09 ilipimwa juu ya 5.5, na 4.17 ikapimwa juu ya 6. Misingi ni tofauti, kwa hiyo huwezi kuzijumlisha wala kuzitoa. Ukitaka kwenda kwa asilimia, zidisha: 1.0909 × 0.9583 ni kama 1.0454, nawe utaona umerudi kwenye 4.55 ukiacha makosa ya kukadiria desimali. Pointi ndizo zinazojumlishika: juu 0.5, chini 0.25, iliyobaki ni 0.25 juu ya pale ilipoanzia Januari 2024.