Muundi ulainike: punguza makaa, ongeza saa

Ukipata kilo ya muundi au shingo buchani hapa Lindi, kaanga vipande vikubwa hadi viwe kahawia, tia maji yafike nusu ya nyama, funika sawasawa. Kisha fukia makaa kwa majivu mpaka mchuzi utoe kiputo kimojakimoja tu, kama nyuzijoto 90, uache saa 3. Zile nyuzi nyeupe ngumu za nyama huyeyuka polepole zikawa ute. Mchuzi ukitokota kwa nguvu, nyama hujikaza na kukauka mapema. Uma ukigoma baada ya saa 2, ongeza muda, siyo moto. Tui zito litie dakika 10 za mwisho, lisikatike. Sarara usiipike hivi, haina nyuzi hizo, itakauka tu.