Diploma au digrii? Hesabu matangazo ya kazi kwanza, hivi ndo mi nafanya

Mpwa wangu kamaliza shule, anataka mambo ya umeme, na ana nafasi mbili mkononi, moja ya diploma ya ufundi na nyingine ya digrii ya uhandisi. Akanipigia, "Mjomba, ipi ina kazi nyingi?" Nikamwambia kwa kujiamini kabisa digrii, maana nilikuwa nimetafuta kazi mtandaoni dakika kumi hivi na karibu kila tangazo lilitaka digrii. Siku mbili baadaye nikagundua nilimdanganya bila kujua, ikabidi tukae upya tuhesabu vizuri. Naandika tulivyofanya, mfano ni umeme ila fani yoyote ambayo ina diploma na digrii inaenda hivihivi.

Hatua ya 1: Andaa jedwali

Google Sheets inatosha, na Excel pia poa. Usiandike kwenye daftari, utakuja kutaka kupanga upya na daftari halipangiki. Safu zetu zilikuwa A mwajiri, B jina la kazi, C idadi ya nafasi, D miaka ya uzoefu kwa mwenye diploma, E miaka ya uzoefu kwa mwenye digrii, F maelezo. Hizo D na E ndo siri ya kazi nzima, nitazieleza huko chini.

Hatua ya 2: Tafuta kwa kazi yenyewe, usitafute kwa cheo

Hapa ndo nilipoangukia mimi. Nilikuwa nimeandika "mhandisi umeme" kwenye kisanduku cha kutafutia, sasa ukiandika mhandisi utegemee nini, utaletewa matangazo ya digrii tu, na mpwa wangu kule kwake aliandika "fundi sanifu umeme" akaletewa diploma tupu. Kila mtu akaona alichokiuliza. Yaani neno unalotafutia limeshakupa jibu kabla hujasoma tangazo hata moja.

Dawa yake ni kutafuta kwa vitu ambavyo mtu wa fani hiyo anavishika kazini, bila kutaja cheo wala karatasi. Sisi tulitumia hivi, moja moja:

```
kazi matengenezo mota jenereta
kazi transfoma laini umeme
kazi PLC kiwanda
kazi ufungaji sola
```

Hapo yanakuja yote mchanganyiko, mafundi, mafundi sanifu, wahandisi, wasimamizi wa zamu, hadi "afisa matengenezo" ambaye kwa cheo tu usingejua ni mtu wa umeme. Ndo unachotaka. Kila tangazo ambalo kazi yake ni ya umeme ingiza, hata kama hulipendi.

Kusanya kwa wiki kama nane, usifanye siku moja. Kiwanda kimoja kikifungua mtambo mpya wiki hiyo kinamwaga matangazo ya mafundi na picha yako yote inapinda.

Hatua ya 3: Soma mstari wa sifa (hii ndo ilitula masaa)

Mwanzo tulikuwa na safu moja tu imeandikwa "karatasi", tunaandika DIP au DIG. Ikafika tangazo la tano tukakwama, maana lilisema hivi: "Awe na digrii ya uhandisi umeme na uzoefu wa miaka 2, au diploma yenye uzoefu wa miaka 5." Sasa hiyo ni DIP au DIG? Ni zote mbili, lakini si sawa, kwa sababu aliyetoka chuo na diploma mlango huo hajafunguliwa bado, anasubiri miaka mitano. Tukabishana pale karibu saa nzima, tukaweka DIP/DIG, tukaweka rangi, mwisho tukafuta kila kitu tukaanza upya.

Tukaacha kuuliza "tangazo linataka nini", tukawa tunauliza "mwenye diploma anaweza kuomba akiwa na uzoefu wa miaka mingapi", halafu swali hilohilo kwa mwenye digrii. Ndo safu D na E. Tangazo lile likawa D = 5, E = 2. Kama karatasi fulani haipokelewi kabisa andika X. Asiyehitaji uzoefu andika 0, usiache wazi, kisanduku kilicho wazi hakihesabiwi na utalipoteza tangazo.

Ila lugha ya matangazo ina mitego, na hii ndo tuliyokutana nayo:

"Angalau diploma" au "diploma na kuendelea" maana yake wote wanaomba, kwa hiyo D na E zinapata namba sawa.

"Diploma" peke yake, bila angalau, ndo ngumu. Mara nyingi ni nafasi ya ngazi ya fundi sanifu yenye mshahara wake uliopangwa, na waajiri wengine hawataki mtu wa digrii hapo kwa sababu wanajua atakaa miezi sita aondoke. Wengine wanampokea. Sisi tuliweka X kwa digrii, na kwenye F tukaandika "kuuliza". Usijipe moyo kwamba digrii inafungua kila kilicho chini yake, si kweli.

"Digrii itakuwa ni sifa ya ziada" usiisome kama digrii lazima. Mwenye diploma anaomba. Lakini andika kwenye F, maana wakija waombaji wengi huyo wa ziada ndo anaitwa kwanza.

"Digrii au sifa inayolingana nayo" hii ndo ya kukera kuliko zote. Inayolingana kwa nani? Kuna anayemaanisha diploma ya juu, kuna anayemaanisha digrii ya fani ya jirani kama ya elektroniki, na kuna aliyenakili tu tangazo la mwaka jana. Tuliweka X kwa diploma mpaka tuulize, afadhali ukosee kwa kubana kuliko kwa kulegeza.

Halafu kuna leseni. Matangazo kadhaa ya kufunga nyaya majengoni yalitaka leseni ya ufundi umeme, yaani karatasi ya chuo peke yake haitoshi, iwe diploma iwe digrii. Na kwenye nafasi za mhandisi kuna waliotaka usajili wa bodi ya wahandisi, ambao mwenye diploma kwa kawaida hasajiliwi kwa daraja hilohilo. Ukiona neno usajili soma mara mbili, kwa sababu huo ni ukuta ambao miaka ya uzoefu haiurukii.

Jambo jingine dogo, jina la kazi lisikuchanganye. Tuliona tangazo la "mhandisi wa zamu" ambalo majukumu yake yote yalikuwa kubadilisha fyuzi, kukagua mota na kujaza kitabu cha zamu, na sifa yake ni diploma. Na "fundi mkuu" mmoja akatakiwa awe na digrii. Namba zinatoka kwenye mstari wa sifa, siyo kwenye kichwa cha habari.

Hatua ya 4: Toa yaliyojirudia

Panga kwa safu A, yale yanayofanana futa. Kazi ipo kwenye yale ya mawakala ambao wanaficha mwajiri, wanaandika "kampuni kubwa ya uzalishaji" basi. Chukua sentensi moja ya majukumu iliyo ndefu na ya ajabuajabu kidogo, iweke ndani ya alama za kunukuu kisha tafuta:

```
"kukagua paneli za udhibiti wa mota kila wiki"
```

Likitokea tangazo jingine lenye sentensi hiyohiyo neno kwa neno na tarehe ya mwisho inayokaribiana, ni kazi moja. Sisi tulikuwa na matangazo 74, baada ya kusafisha yakabaki 46. Na yaliyorudiwa sana yalikuwa ya digrii, kwa hiyo bila kusafisha digrii ingeonekana inaongoza kwa matangazo hewa.

Hatua ya 5: Hesabu, lakini hesabu mara mbili

Mara ya kwanza hesabu kwa mtu aliyetoka chuo na mafunzo kazini kidogo, tuseme miaka 2 au pungufu:

```
=COUNTIF(D2:D47,"<=2")
=COUNTIF(E2:E47,"<=2")
```

Mara ya pili badilisha 2 iwe 6, huyo ni mtu aliyekomaa kazini. X hazihesabiwi zenyewe kwa sababu ni herufi.

Zetu zilitoka hivi. Kwa miaka 2, diploma milango 17, digrii 13. Kwa miaka 6, diploma 26, digrii 33. Mpwa wangu akakaa kimya akiangalia skrini, halafu akasema, "Kwa hiyo mjomba wote tulikuwa sahihi." Ee, na wote tulikuwa tumekosea. Mwanzoni diploma inafungua zaidi kwa sababu viwanda vinatafuta watu wa kushika bisibisi, baadaye inabaki nyuma kwa sababu nafasi za usimamizi na usanifu zina X upande wake.

Sasa kuna safu C. Tangazo moja letu lilikuwa na nafasi 12 za mafundi sanifu. Ukitaka kuhesabu nafasi badala ya matangazo tumia

```
=SUMIF(D2:D47,"<=2",C2:C47)
```

lakini mi siipendi kuiamini yenyewe, mwajiri mmoja anakubebea jibu zima. Angalia zote mbili, zikipishana mno tafuta ni tangazo gani limefanya hivyo.

Hatua ya 6: Piga simu kwa yale ya "kuuliza"

Chagua matatu manne tu. Uliza swali moja: mwenye karatasi fulani na miaka fulani akituma barua, inasomwa? Usiulize "ipi bora", watakupa hotuba.

Sisi tulipiga nne. Wawili walisema soma tangazo. Wa tatu alisema inayolingana kwao ni diploma ya juu, tukabadilisha ile X ikawa 4, ndo iko ndani ya hizo namba hapo juu. Wa nne, dada mmoja wa ofisi ya ajira, akacheka akasema wao wameandika diploma, ila safari iliyopita walioomba walikuwa wengi mno wakaanza kupunguza kwa kuwasoma wa digrii kwanza. Hicho jedwali halikioni. Linakuonyesha mlango upo wazi, halikuonyeshi foleni iliyoko mlangoni.

Mpwa kachagua diploma, kwa sharti moja ambalo kaliongeza mwenyewe: kabla ya kulipa ada kakiuliza chuo kama diploma yao inapokelewa kuingilia digrii ya uhandisi, na ni vyuo gani vinaipokea. Wakamtajia viwili. Kavipigia vyote, kimoja kikasema ndiyo, cha pili kikasema hawajawahi.