Muuzaji anaondoka, laini ya duka ibaki: jinsi ya kukabidhiana kabla kidole hakijapanda basi

Nazungumzia laini ya aina moja tu, ile ambayo maduka mengi ya hapa Ngamiani, Tanga, yanayo. Namba imeandikwa kwenye kibao, kwenye risiti na ubavuni mwa Kirikuu ya mizigo, lakini siku ya kusajili alitumwa muuzaji, akaweka kidole chake na namba yake ya NIDA kwa sababu bosi alikuwa bandarini anafuatilia mzigo. Miaka inapita. Muuzaji anaaga, anaacha kadi ya laini mezani, na kila mtu anaona makabidhiano yamekwisha. Hayajaanza.

Duka letu linauza spea za pikipiki. Mafundi wa Pangani, Muheza na Korogwe wanatuma picha ya spea WhatsApp, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Namba ikizimika, duka limefungwa hata kama mlango uko wazi. Muuzaji wetu aliondoka kwa heri kabisa, amepata kazi Dar. Mimi nashika hesabu, kwa hiyo suala la laini liliangukia mezani kwangu wakati mwenyewe ameshafika Ubungo.

Kwanza jua laini ni ya nani

Kwenye laini yenyewe piga `*106#` ufuate menyu ya kuangalia usajili. Litatokea jina. Likiwa la bosi au la kampuni, ruka mpaka sehemu ya WhatsApp. Likiwa la mfanyakazi, keti vizuri.

Kushika kadi si kumiliki namba. Mwenye kidole anaweza kuingia duka lolote la mtandao huo, akasema laini imepotea, akapewa kadi nyingine yenye namba ileile. Kadi iliyo kwenye simu yako inakufa papo hapo, na kila meseji yenye namba ya uthibitisho inaenda kwake. Simsemi kijana wetu wala wa kwako. Hata mtu mwema kabisa, siku moja atapiga `*106#` kuona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake, atakuta moja asiyoitumia, na ataomba ifutwe. Ana haki hiyo.

Kwa hiyo kazi hii ifanyike akiwa bado kwenye notisi. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28, na hizo zinatosha na kubaki. Na kuna mabosi wanaosema, "Nitamshikia mshahara mpaka arudishe namba." Acha. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka alipwe kazi aliyokwisha kuifanya ajira inapokoma, pamoja na kupewa cheti cha utumishi. Ukimshikia hela yake umefungua kesi ya pili wakati ya kwanza bado, na yule unayemhitaji aje na kidole umemgeuza adui.

Mpangilio nao una maana. Anza na WhatsApp na akaunti, malizia na kubadilisha umiliki. Sababu ni kwamba kwenye kubadilisha umiliki laini inaweza kupotea hewani kwa muda, na mkiwa katikati ya kusubiri namba za uthibitisho hamtaki hilo.

WhatsApp, mahali tulipokwama

WhatsApp ya duka ilikuwa kwenye simu ya kijana mwenyewe, maana simu yake ilikuwa na nafasi ya laini mbili na ya duka ilikuwa kitochi. Alipoondoka alitoa kadi, akafuta programu, akaona amefanya uungwana. Sisi tukaweka kadi kwenye simu mpya, namba ya uthibitisho ikaja vizuri, tukaiingiza. Kisha kikatokea kisanduku kinachotaka PIN ya tarakimu sita.

Hiyo ni `Two-step verification`. Aliiweka zamani, baada ya zile habari za watu kuibiwa WhatsApp na kuombewa hela kwa ndugu zao. Nikampigia. "Kaka, PIN gani?" Kimya, kisha akaanza kutaja miaka ya kuzaliwa ya ukoo mzima. Hakuna iliyokubali, na barua pepe ya kurejesha hakuwahi kuiweka. Kukiwa na barua pepe unatumiwa kiungo cha kuweka upya. Kusipokuwepo, WhatsApp inakusubirisha siku 7, na hakuna ofisi ya kwenda kulia. Wiki nzima mafundi wakituma picha za kabureta, sisi hatuzioni. Mmoja wa Pangani alipanda gari akaja mwenyewe kuuliza kama tumefilisika.

Kinachoudhi ni kwamba dawa ilikuwa ya dakika mbili. Programu ikiwa bado iko wazi kwenye simu ya anayeondoka, mnaingia `Settings > Account > Two-step verification` mnabonyeza `Change PIN`, na haiulizi PIN ya zamani. Wekeni mpya anayoijua bosi, na hapohapo wekeni barua pepe ya duka. Fanyeni hivyo kabla hamjagusa simu nyingine yoyote.

Baada ya PIN, hamisheni mazungumzo. Watu husema yako salama kwenye bekapu, lakini bekapu ya Android inakaa kwenye Gmail ya mwenye simu, yaani inaondoka naye. Kwa Android kwenda Android tumieni `Settings > Chats > Transfer chats`. Simu mbili zinawekwa karibu, Wi-Fi na lokesheni zimewashwa, mpya inaonyesha msimbo wa QR na ya zamani inauskani. Bila hayo utapata namba ileile yenye kurasa tupu, na fundi atakapoandika "nitumie kama ile ya juzi" hutajua ya juzi ilikuwa ipi.

Kitu kimoja asifanye: asibonyeze `Change number`. Kitufe hicho kinaonekana kama cha kurudishia duka namba yake, kumbe kinabeba akaunti nzima, na magrupu yake, kuipeleka kwenye namba yake binafsi. Atabaki yeye kwenye grupu la mafundi wa Korogwe na duka litakuwa limetoka. Yeye afungue akaunti mpya kwa namba yake, basi. Malizeni kwa kuangalia `Linked devices` na kutoa kila kifaa msichokijua.

Majina ya wateja

Mazungumzo yakihama, majina hayahami nayo. Majina yamehifadhiwa kwenye Gmail yake. Kwenye programu ya `Contacts` ya Google achague majina, kisha abonyeze `Share`, itatoka faili ya `.vcf` ambayo unaifungua kwenye simu ya duka. Achague ya biashara peke yake, maana huna kazi na namba ya shangazi yake. Usihamishie majina kwenye kadi ya laini: inachukua machache na inakata majina marefu. Mteja anayeitwa "Fundi Juma Pangani Boxer" na mwenzake "Fundi Juma Pangani TVS" wote watakuwa "Fundi Juma Pan", na hapo ndipo cheni ya huyu inapokwenda kwa yule.

Akaunti zilizojifunga kwenye namba

Hakuna anayezikumbuka zote kichwani. Fungua meseji za kawaida za laini hiyo, andika kwenye sehemu ya kutafuta `code`, kisha `OTP`, kisha "uthibitisho". Kila aliyewahi kutuma namba ya siri atajitokeza, na hiyo ndiyo orodha yako. Sisi tulikuta Gmail ya duka, ukurasa wa Facebook, benki, na mfumo wa TRA ambao tulidhani uko kwa mhasibu wa nje.

Gmail ianze, kwa sababu nyingine nyingi zinarejeshwa kupitia hiyo: badilisha nenosiri, toa simu yake kwenye orodha ya vifaa, na barua pepe ya kurejesha isiwe ya kwake. Kwenye Facebook bosi aongezwe kwanza mwenye mamlaka kamili, athibitishe kuwa anaingia, ndipo mwenzake atolewe. Mkimtoa kwanza, ukurasa unaweza kubaki yatima. Duka likiwa kwenye ramani ya Google, fanyeni mapema: mmiliki mpya husubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuwaondoa wengine au kuchukua umiliki mkuu. Benki ni safari ya tawini, na mwenye sahihi aende mwenyewe.

Pesa ya kwenye simu, kisha kidole

Akaunti ya pesa inafuata jina la aliyesajili, si kibao cha duka. Kabla ya kwenda duka la mtandao wa simu toeni salio lote hadi sifuri na mlipe deni la kujikopesha ambalo kijana alikopa Jumamosi moja akasahau. Sisi tulisimamishwa dirishani kwa deni la hela ya chai. Wateja nao waambiwe wasitume siku hiyo.

Kisha mnakwenda wote wawili: anayeachia, anayepokea, namba za NIDA za wote, na simu yenye laini. Laini ikienda kwa jina la kampuni, beba pia cheti cha BRELA, TIN na barua ya kumtambulisha mwakilishi atakayeweka kidole. Hapa nilipewa majibu mawili kwenye duka lilelile. Dada wa kwanza alisema mwenye laini athibitishe kwa simu tu, inatosha. Nilipopanga foleni tena, mwenzake akasema lazima awepo mwili na kidole. Aliyekuwa sahihi ni wa pili, na kijana akapanda basi kutoka Dar kwa nauli ya duka. Kwa hiyo uliza dirishani ukiwa na karatasi, wakuandikie wanachotaka.

Kidole chenyewe ni shughuli. Mikono iliyoshika grisi miaka inakataa kusomeka. Aoshe kwa sabuni, akaushe vizuri, na vidole vingine vijaribiwe kabla ya kukata tamaa. Mkimaliza msitoke mlangoni kwanza. Pigeni `*106#` hapohapo mpaka jina jipya litokee, kisha mfungue akaunti ya pesa kwa jina hilo.

Karatasi ya makabidhiano iwe ya ukurasa mmoja: namba ya laini, tarehe, salio lilikuwa sifuri, akaunti zilizohamishwa, sahihi mbili na shahidi. Inamlinda na yeye pia, siku mteja atakapodai alitapeliwa kwa namba hiyo.

Na kama hapatikani?

Laini huwezi kuihamisha bila yeye, hata ukilia na meneja. Ila kadi ikiwa bado inafanya kazi kwenye simu yako, sajili laini mpya kwa jina la bosi leo, na sasa ile `Change number` niliyoikataza ndiyo ya kuitumia: inahamisha akaunti ya duka kwenda namba mpya na inakuruhusu kuwajulisha wateja. Badilisha namba kwenye Gmail, Facebook, benki na TRA ukiwa bado unapokea meseji za zamani. Kibao kipakwe rangi upya. Laini ya zamani iache kwenye kitochi, uiwekee vocha na kupiga simu mara mojamoja, kwa sababu isiyotumika hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, na fundi wa Handeni bado ana risiti ya mwaka juzi.